Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kikundi chetu kihamie mfuko ulioongoza mwaka jana?

Vikundi vingi vya kuweka akiba hapa Mwanza huvunja kikoba Desemba. Januari fedha ziko mkononi, na wiki hizohizo ndipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja inapotangaza faida ya mwaka uliopita. Matangazo hayo yakishaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maswali yanakuwa mengi. Haya hapa ndiyo yanayojirudia zaidi, kutoka kwa akina mama wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, madereva wa Buhongwa, walimu wa Sengerema na wengineo.

Mfuko fulani umepata asilimia 40 mwaka jana, wetu umepata 11. Kwa nini tusihamie huko?

Kwa sababu hiyo 40 wameshaipata waliokuwa ndani. Anayeingia leo ananunua mwaka unaokuja, ambao haujaandikwa kwenye tangazo lolote.

Tuchukue kikundi cha wauza dagaa chenye shilingi milioni 10 na mifuko miwili ya mfano. Mfuko wa kwanza tuuite Mtulivu: unapata asilimia 10, kisha 11, kisha 10. Wa pili tuuite Kasi: unapata 8, kisha 40, kisha unashuka kwa 15.

Kikundi kinaanza na Mtulivu. Mwisho wa mwaka wa kwanza kina milioni 11, mwisho wa mwaka wa pili kina 12,210,000. Hapo ndipo mtu anakuja kikaoni na simu inayoonyesha ile 40. Wanapiga kura, wanahamia Kasi. Mwaka wa tatu Kasi inashuka, na wanabaki na 10,378,500.

Wangekaa Mtulivu miaka yote mitatu wangekuwa na 13,431,000. Lakini angalia na upande wa pili: wangekaa Kasi tangu siku ya kwanza, pamoja na kushuka kwake, wangekuwa na 12,852,000. Kikundi kilichohama kimepata kidogo kuliko mfuko wowote kati ya miwili kiliyopitia. Mifuko yote miwili itaonyesha faida nzuri ya miaka mitatu kwenye vitabu vyake, na hakuna meneja aliyedanganya. Hasara imetoka kwenye tarehe ya kuhama.

Mwanakikundi akielewa hesabu hii moja, sehemu kubwa ya maswali yanayofuata atayajibu mwenyewe.

Hiyo ni mifano ya kutunga. Imewahi kutokea kweli?

Imetokea mara nyingi, na kisa kilichopimwa vizuri ni cha Marekani. Kulikuwa na mfuko wa hisa ulioitwa CGM Focus, ukiongozwa na meneja Ken Heebner. Katika muongo ulioishia 2009 ndio uliotajwa kuwa bora kuliko mifuko yote ya hisa za Marekani: faida yake ilikuwa takriban asilimia 18 kwa mwaka. Kampuni ya utafiti ya Morningstar ilipopiga hesabu ya fedha za wawekezaji zilizokuwa zinaingia na kutoka, ikaonekana mwekezaji wa kawaida wa mfuko huohuo alikuwa amepoteza takriban asilimia 11 kwa mwaka.

Iliwezekanaje? Mwaka 2007 mfuko ulipanda kama asilimia 80. Watu wakaona, na mwaka 2008 zikamiminika dola takriban bilioni 2.6 za fedha mpya. Mwaka huohuo mfuko ukashuka kwa asilimia 48. Aliyeweka shilingi 100 kabla ya 2007 alifika 180, kisha akarudi kama 94. Aliyeingia mwanzoni mwa 2008 kwa shilingi 100 alibaki na 52. Na fedha nyingi ziliingia baada ya kupanda, si kabla. Wengi kati ya hao waliochoka na hasara walitoka, hivyo hawakuwepo mfuko ulipoanza kujikusanya tena.

Kisa hiki kina jambo la pili. Heebner alikuwa anashika hisa za kampuni chache, na kwa wakati huo aliegemea sana nishati na madini. Ndiyo maana alipanda kuliko wengine, na ndiyo maana alishuka kuliko wengine. Karibu kila mfuko unaoshika namba moja kwa mwaka mmoja umefika pale kwa kuegemea upande mmoja ambao mwaka huo ulipanda. Mfuko uliosambaza fedha zake sawasawa ni nadra kuwa wa kwanza, na ni nadra kuwa wa mwisho.

Lakini namba za mwaka jana ni za kweli na zimekaguliwa. Kosa liko wapi tukizitumia?

Kosa liko kwenye uzito tunaozipa. Tukio la karibuni linakuja akilini upesi na kwa nguvu, kwa hiyo tunalichukulia kama ndiyo hali ya kawaida ya kitu chenyewe. Wataalamu wa tabia za kifedha wanauita upendeleo wa mambo ya karibuni.

Watu wa dagaa wanaielewa hali hii bila kufundishwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno hupungua kwa sababu taa hazivuti tena. Mgeni aliyekuja ufukweni wiki moja ya giza akaona mitumbwi inarudi imejaa, akaenda kukopa anunue nyavu kwa hesabu ya wiki ile, mwezi ukipevuka atakuwa na deni lisilolingana na samaki. Alichokiona kilikuwa kweli. Alichokosa ni mzunguko mzima.

Kwa mfuko, mzunguko mzima ni miaka kadhaa, mwaka mmoja mmoja kwenye mstari wake. Ukiletewa tangazo linalosema "wastani wa asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka mitano", omba miaka yenyewe. Huenda ni 9, 10, 11, 8 na 38. Wastani wake wa kawaida ni 15.2, ni sahihi kabisa. Sasa futa ule mwaka mmoja bora: wastani unakuwa 9.5. Hapo umejua kwamba hiyo 15 imebebwa na mwaka mmoja, na swali la kumuuliza meneja ni moja tu: mwaka ule kilipanda nini, na kinaweza kupanda tena kwa kiasi kile?

Kipimo hiki kinafanyika kwa kalamu kikaoni, na mimi nakithamini kuliko grafu yoyote ya rangi.

Mfuko wetu ni wa hatifungani za serikali, hauna hisa. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu, ingawa kwa njia tulivu zaidi. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali, nayo inakulipa riba. Faida ya mwaka jana ya mfuko wa hatifungani inatokana kwa sehemu kubwa na hatifungani zilizonunuliwa miaka ya nyuma, kwa riba za miaka hiyo. Aprili 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mfuko uliokuwa umeshanunua zile za 15.95 uliendelea kulipwa riba hiyo. Aliyeutazama mfuko huo baadaye aliona namba nzuri, akaamini fedha yake mpya nayo itaenda kufanya kazi kwa kiwango hicho.

Haiendi. Chukua mfuko wa mfano wenye milioni 100 kwenye hatifungani za 15.95, kwa mwaka zinaleta 15,950,000. Wanakuja wawekezaji wapya na milioni 100 nyingine, meneja ananunua za 12.56, zinaleta 12,560,000. Jumla ni 28,510,000 kwa milioni 200, yaani asilimia 14.26 hivi. Kila watu wanavyozidi kuikimbilia ile namba, ndivyo inavyopungua kwa sababu wameikimbilia. Hapa nimechukulia kwamba hatifungani zote zimenunuliwa kwa thamani yake ya asili na sijagusa ada. Kwenye mfuko halisi hesabu ina mambo zaidi, lakini mwelekeo ni huohuo.

Kwa hiyo kwa mfuko wa hatifungani, swali lenye maana ni hili: fedha inayoingia mwezi huu inanunua hatifungani za riba gani? Ofisa wa mfuko anapaswa kuweza kulijibu.

Na walikuwepo ambao baada ya hapo hawakununua hatifungani yoyote kwa kuwa walisubiri 15.95 irudi. Hilo ni tatizo jingine, la kushikwa na namba ya kwanza uliyoiona, nalo linafuata hapa chini.

Kipande cha mfuko mmoja ni shilingi 120, cha mwingine 1,200. Si bora tununue cha bei nafuu tupate vingi?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na wanaouliza ni watu wanaojua biashara. Sokoni bei ina maana: debe la dagaa la bei ya chini ni nafuu kuliko la bei ya juu. Kipande ni sehemu moja ya mfuko unayonunua, na kwenye vipande haiko hivyo.

Una shilingi 600,000. Kwa kipande cha 1,200 unapata vipande 500. Kwa kipande cha 120 unapata 5,000. Mifuko yote miwili ikipanda kwa asilimia 10, vipande 500 vinakuwa vya 1,320, jumla 660,000. Vipande 5,000 vinakuwa vya 132, jumla 660,000. Wingi wa vipande haukuongeza hata shilingi.

Bei ya kipande inaonyesha zaidi mfuko ulianza lini, ulianza kwa bei gani, na kama unagawa faida au unaiacha ndani. Kwa mifuko ya UTT AMIS, Mfuko wa Umoja ulioanza 2005 umeshavuka shilingi 1,000 kwa kipande, kwa kuwa faida inabaki ndani na kujilimbikiza. Mfuko wa Hatifungani ulioanza 2019 uko kwenye mia na kitu, kwa kuwa ni mchanga na unawalipa gawio wawekezaji waliochagua hivyo. Ukilinganisha bei hizo mbili hujalinganisha uzuri wa mfuko wowote. Na ukilinganisha ukuaji wa bei peke yake, mfuko unaogawa faida utaonekana umelala wakati fedha imeshaingia mifukoni mwa watu.

Kwa nini namba ya kwanza tuliyoiona inatushika hivyo?

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo linafaa kusimuliwa kikaoni. Waliwazungushia watu gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu halina uhusiano wowote na Afrika wala na Umoja wa Mataifa, na watu waliliona likizungushwa mbele yao. Hata hivyo, jibu la katikati la walioona 10 lilikuwa 25, na la walioona 65 lilikuwa 45.

Akili ilitia nanga kwenye namba iliyotangulia, ikasogea kidogo, ikaishia njiani. Kama gurudumu linaweza kufanya hivyo, fikiria nguvu ya asilimia 40 iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo. Hata mwenye tahadhari anasema, "Sawa, 40 haitarudi, tuhesabu 25." Amejiona mwangalifu, lakini hiyo 25 ameitoa wapi? Ameipunguza kutoka kwenye 40. Angeanza na miaka mitano ya mfuko huohuo, huenda angefika chini zaidi, kwenye 9 au 10.

Dawa ninayoiona ikifanya kazi ni kupanga utaratibu wa kikao. Kabla tangazo halijasomwa, kila mjumbe aandike kwenye karatasi anategemea faida kiasi gani kwa mwaka na kwa sababu gani. Mweka hazina azikusanye. Ndipo tangazo lifunguliwe.

Nilinunua kipande kwa 1,000, sasa ni 850. Nisubiri irudi 1,000 ndipo nitoke?

Pole. Lakini mfuko haujui wewe ulinunua kwa ngapi, na hautafanya chochote ili ukurudishe pale. Hiyo 1,000 ni nanga yako peke yako. Jirani yako aliyenunua kwa 700 ana nyingine, naye yuko kwenye mfuko huohuo akitarajia mambo tofauti.

Kurudi kutoka 850 hadi 1,000 kunahitaji kupanda karibu asilimia 18, si 15. Kwa mfuko unaopata 10 kwa mwaka hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Labda inafaa kusubiri, labda haifai. Jiulize hivi: leo ningekuwa na shilingi 850 taslimu, na sijawahi kuusikia mfuko huu, ningeununua kwa kazi ninayoitaka fedha hii ifanye? Jibu likiwa ndiyo, kaa. Likiwa hapana, unachosubiri ni namba tu, wakati ada ya shule au mtaji wa msimu unakungoja.

Kosa la upande wa pili lipo pia: kutoka kwa hofu kwa sababu miezi mitatu ya mwisho imekuwa mibaya. Ni upendeleo uleule wa mambo ya karibuni, umegeuka tu.

Wenzetu wote kwenye kundi wameshaingia na wanapost faida zao. Sisi tutabaki nyuma?

Hofu ya kupitwa inauma kweli, hasa ukiona aliyepata ni mtu unayemfahamu, mnauza meza moja. Nisingependa mtu yeyote amcheke mwenye hofu hiyo. Ila angalia kinachowekwa kwenye kundi na kisichowekwa. Anayepost ni aliyepata, na anapost siku aliyopata. Anapiga picha ya salio bila kuonyesha aliweka lini, kiasi gani, na ngapi kati ya hizo ni fedha alizoongeza mwenyewe baadaye. Nimeona salio likisifiwa kuwa limepanda kwa milioni mbili, na ukifungua taarifa ya akaunti unakuta milioni moja na laki saba ni michango mipya. Waliopoteza wako kwenye kundi hilohilo, wamenyamaza.

Kuna jambo moja la kiutaratibu linaloweza kutuliza moyo. Mfuko wa wazi huuza vipande kila siku ya kazi, kwa thamani ya kipande ya siku husika. Kipindi cha mauzo ya kwanza cha mfuko mpya kina tarehe ya mwisho, ndiyo, lakini kikishafungwa mauzo ya kawaida hufunguliwa baadaye. Kwa hiyo kikundi kikisubiri kikao kijacho ili mjumbe asome waraka, hakuna mlango unaofungwa. Ukiambiwa "mwisho leo saa kumi na mbili, nafasi zimebaki chache", acha kuhesabu faida na uanze kuuliza leseni. Mifuko halali Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kupiga simu kuulizia ni bure ukilinganisha na kikoba cha mwaka mzima.

Tukiingia kidogo kidogo kila mwezi, tatizo si limeisha?

Limepungua upande mmoja. Kikundi kikigawa milioni 6 kwa miezi sita hakiwezi kununua vyote siku ya bei ya juu kabisa. Lakini kama mfuko haufai kwa lengo lenu, mtakuwa mmeununua polepole tu.

Mfuko wetu ulikuwa wa mwisho mwaka jana. Ni mbaya?

Huenda hapana. Ulinganishe na mifuko ya aina yake kwanza. Mfuko wa ukwasi, ambao kazi yake ni fedha ipatikane haraka, kwa kawaida utakuwa nyuma ya mfuko wa hisa mwaka ambao soko la hisa la Dar es Salaam limepanda sana. Haukushindwa, ulikuwa unafanya kazi nyingine.

Basi ni lini kuhama ni sahihi?

Sababu inapokuwa haihusiani na orodha ya washindi. Lengo limebadilika: mlikuwa mnaweka kwa ajili ya kiwanja miaka minane ijayo, sasa mnataka mashine ya kukaushia dagaa mwakani, basi fedha hiyo haipaswi kuwa kwenye hisa. Ada zimepanda. Meneja amebadili sera, mlinunua mfuko wa hatifungani na sasa nusu yake ni hisa. Au mmegundua kwamba tangu mwanzo mliingia bila kujua mfuko unashika nini.

Kabla ya kuhama, andikeni kwenye daftari la kikundi sentensi moja: tunahama kwa sababu gani, bila kutaja faida ya mwaka jana. Mkishindwa kuijaza sentensi hiyo, ahirisheni mpaka kikao kijacho. Na angalieni kama kuna gharama ya kutoka na siku ngapi za kusubiri malipo, kwa kuwa hizo hazionekani kwenye tangazo.

Hizo namba za mwaka mmoja mmoja tunazipata wapi?

Kwenye taarifa za fedha za mwaka zilizokaguliwa na taarifa za utendaji za kila mwezi, ambazo mameneja wa mifuko huziweka kwenye tovuti zao. Sera ya uwekezaji, ada na masharti ya kutoka viko kwenye waraka wa matarajio. Ombeni nakala ya Kiswahili. Thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, kwa hiyo mkikosa jedwali la miaka, chukueni thamani ya siku ya kwanza na ya mwisho ya kila mwaka, mjumlishe gawio kwenye ile ya mwisho kama lililipwa, mgawanye kwa ile ya kwanza, kisha mtoe moja. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Mwaka wa fedha wa mifuko mingi hapa huishia Juni 30. Ukisikia "mwaka jana" kwenye tangazo, uliza ni Januari hadi Desemba au Julai hadi Juni, maana mifuko miwili inaweza kuwekwa kwenye jedwali moja huku miaka yake ikipishana kwa miezi sita.